RIPOTI YA UKAGUZI WA SAITI NA. 3: NYUMBA YA GHOROFA MOJA, RASKAZONE, TANGA

Kwa: Mama mwenye mradi
Nakala: Fundi mkuu wa saiti, mchoraji wa jengo
Kutoka: Mhandisi msimamizi
Tarehe ya ukaguzi: Alhamisi, 9 Oktoba 2025, saa 2:30 asubuhi hadi saa 6:15 mchana
Hali ya hewa: Jua, upepo wa wastani kutoka baharini
Waliokuwepo: Fundi mkuu, fundi nondo, mtunza stoo, mafundi na saidia fundi 11
Ukaguzi uliotangulia: 18 Septemba 2025

1. Uamuzi

Mama, naanza na jambo unalolisubiri. Zege la slabu ya ghorofa lililopangwa kumwagwa Jumamosi, 11 Oktoba, nimelisimamisha. Fundi mkuu nimemwambia pale pale saiti, na nimeandika na kusaini katika daftari la saiti (Picha 1). Sababu kubwa ni mbili: mchanga ulioletwa ni wa baharini, na nondo za chini za slabu zimekaribia mno mbao za fomuweki. Mambo mengine yaliyomo humu yanarekebishika bila kusimamisha kazi. Haya mawili yakishafunikwa na zege hayarekebishiki tena, labda kwa kubomoa.

2. Kazi ilipofikia

Nguzo zote 12 za chini zimesimama. Fomuweki ya slabu na mikanda imekamilika, nondo za chini na za juu zimefungwa, na mabomba ya plastiki ya nyaya za umeme yamelazwa. Kuta za tofali za vyumba vya chini zimefika usawa wa madirisha upande wa barabarani. Kwa ratiba tuliyokubaliana, kazi ilikuwa mbele kwa siku tatu.

Kazi ya fundi nondo nimeipima sehemu tisa. Nondo za 12 mm zimepishana kila 150 mm kama mchoro unavyotaka, maungio yana urefu wa 600 mm, na ringi za mikanda zimefungwa vizuri hadi kwenye vichwa vya nguzo (Picha 2 na 3). Huyu kijana anajua kazi yake. Kosa la nafasi ya chini, nitakaloeleza hapa chini, halikutokana na ufungaji wake. Hakupewa spesa.

3. Mchanga

Nyuma ya stoo kuna lundo la tipa mbili la mchanga mweupe, laini, wenye vipande vya makombe (Picha 4 na 5). Nilichukua kiganja kutoka juu, katikati na chini ya lundo. Nikautia kwenye chupa yenye maji safi, nikautikisa, nikaacha utuame. Maji yale yana chumvi inayosikika ulimini. Kisha nikadondoshea naitreti ya fedha niliyokuja nayo, maji yakageuka meupe kama maziwa papo hapo (Picha 6). Sampuli ya kilo 5 nimeifunga kwenye mfuko na kuiandika kwa ajili ya maabara, ili tupate kiwango kwa tarakimu. Lakini kwa uamuzi wa kutoutumia kwenye zege la nondo, sihitaji kusubiri maabara.

Fundi mkuu alinieleza bila kuficha: "Mhandisi, mchanga wa mto umepanda, na huyu wa tipa alikuwa tayari kuleta siku hiyo hiyo." Kwa leja ya stoo, tofauti ya bei kwa tipa zote mbili ni Sh 160,000. Naandika kiasi hicho ili kionekane kando ya hasara yake.

Chumvi ya baharini ikiingia kwenye zege huivunja ile kinga ambayo saruji huipa nondo. Nondo huanza kushika kutu ndani kwa ndani, na kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilicholiwa, kwa hiyo husukuma zege kutoka ndani hadi lipasuke na kudondoka vipande. Huanza kama ufa mwembamba chini ya dari, unaofuata mstari wa nondo. Mwenye nyumba hupiga ripu juu yake, mwaka unaofuata unarudi. Jengo hili liko karibu mita 250 tu kutoka ufukweni. Upepo pekee unaleta chumvi ya kutosha kila siku kwa upande wa nje. Hatuwezi kuitia nyingine ndani kwa mikono yetu.

Swali lililofuata lilikuwa kama mchanga huu umekwisha kutumika. Nimefuatilia leja, risiti na daftari la kazi. Tipa zote mbili ziliingia 4 Oktoba. Nguzo za mwisho zilimwagwa 29 Septemba kwa mchanga wa mto, na mabaki yake bado yapo kando ya mikisa, rangi yake ni ya kahawia na chembe zake ni kubwa (Picha 7). Mabaki hayo nimeyapima kwa naitreti ile ile, maji hayakubadilika. Kwa hiyo nguzo ziko salama kwa upande huu. Mchanga wa baharini umetumika sehemu moja: tofali 120 zilizofyatuliwa 6 Oktoba. Tofali hizo hazina nondo, lakini chumvi yake itatoka nje kama unga mweupe na kubandua ripu na rangi. Zimetengwa na kutiwa alama ya rangi nyekundu (Picha 8). Zisijengwe kwenye kuta. Zinaweza kutandazwa njiani getini.

Fundi mkuu alipendekeza mchanga uoshwe. Kuosha kunawezekana kwa maji mengi na kwa kupima tena kila lundo, lakini hapa maji yananunuliwa kwa boza, na chembe za mchanga huu ni laini mno kwa zege hata zikiwa safi. Sikukubali.

4. Nafasi kati ya nondo na mbao

Michoro inataka zege la 40 mm chini ya nondo, kwa sababu ya bahari. Nilipima kwa rula sehemu 14. Nilipata kati ya 12 mm na 22 mm. Sehemu mbili nondo imelala juu ya ubao kabisa, karibu na ngazi (Picha 9 na 10). Badala ya spesa, mafundi waliweka kokoto. Kokoto huteleza mtu anapokanyaga nondo, na siku ya zege watu watapita hapo kutwa nzima.

Nimewaonyesha namna ya kufyatua spesa za zege za 40 mm kwa saruji na mchanga wa mto, uwiano wa 1 kwa 2, zikiwa na waya wa kufungia ndani yake. Zinahitajika nne kwa kila mita ya mraba, yaani karibu 450 kwa slabu ya mita za mraba 112, na zaidi kwa mikanda. Zilowekwe kwenye pipa siku tatu kabla ya kutumika. Nondo za juu nazo zishikwe na viti vya chuma, zisikanyagwe zikalala.

5. Nguzo B-3

Chini ya nguzo B-3, upande wa baharini, zege lina matundu kwa urefu wa 300 mm, na kina cha 45 mm mahali pabaya zaidi. Ringi moja inaonekana (Picha 11). Niligonga nguzo zote 12 kwa nyundo. Hii pekee ndiyo iliyotoa sauti ya uwazi, na ni hapo chini tu. Vaibreta haikufika chini siku ile, au fomuweki ilivujisha rojo la saruji. Zege bovu lichongwe kwa patasi hadi kwenye zege gumu, lioshwe, lipakwe rojo zito la saruji, kisha lijazwe zege la kokoto ndogo kwa boksi lililobanwa. Nitakuwepo kabla ya kujazwa. Nguzo hii isibebe slabu kabla ya kutengenezwa.

Vipande vya majaribio vya zege la nguzo vilivunjwa siku ya saba na kutoa wastani wa 17.5 N/mm². Kwa zege la daraja la 25 hayo ni matokeo ya kuridhisha. Vya siku 28 vitavunjwa 27 Oktoba.

6. Maandalizi ya siku ya zege

Slabu na mikanda vitachukua karibu mita za ujazo 22 za zege, sawa na mifuko 176 ya saruji. Stoo nimehesabu mifuko 140 ya daraja la 42.5, imepangwa vizuri juu ya mbao (Picha 12). Mikisa ni moja, ya mfuko mmoja kwa mzunguko. Kila mzunguko ukichukua dakika 5, kazi ni ya saa 15 kasoro kidogo: mkianza saa 12 asubuhi, mtamaliza saa 3 usiku kwa taa, mafundi wakiwa hoi. Ikodiwe mikisa ya pili, na vaibreta ya akiba iwepo saiti. Vaibreta ikifa katikati ya slabu, tutapata B-3 nyingine, safari hii juu ya vichwa vya watu.

Maji yapimwe kwa ndoo, lita 25 kwa mfuko na si zaidi. Leo nimemwona saidia fundi akiongeza kwa jicho kwenye zege la kizingiti.

Mirunda upande wa kusini imesimama juu ya udongo mtupu, na nafasi kati yake inafika mita 1.4 (Picha 13). Iwekewe vipande vya mbao chini na isogezwe hadi mita 0.9. Mvua za vuli zikianza, udongo huo utalainika.

7. Usalama

Watu saba kati ya 11 hawakuwa na kofia ngumu. Tundu la ngazi lilikuwa wazi (Picha 14). Lilizibwa kwa mbao kabla sijaondoka. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri awape vifaa, kwa hiyo ziongezwe kofia nane kutoka fungu la dharura.

8. Hatua za kufuata

| Kazi | Mhusika | Mwisho |
|---|---|---|
| Kuondoa mchanga wa baharini nje ya saiti | Fundi mkuu | Ijumaa, 10 Oktoba |
| Kufyatua spesa za 40 mm | Fundi nondo | Jumamosi, 11 Oktoba |
| Kuchonga nguzo B-3 | Fundi mkuu | Jumatatu, 13 Oktoba, saa 4 asubuhi, nikiwepo |
| Kuleta mchanga wa mto, tipa mbili. Nipimiwe kabla ya kushushwa | Mtunza stoo | Jumatatu, 13 Oktoba |
| Kuinua nondo na kufunga spesa. Mirunda | Fundi nondo, seremala | Jumatano, 15 Oktoba |
| Saruji mifuko 40, mikisa ya pili, vaibreta ya akiba, kofia | Mama, kwa malipo. Fundi mkuu, kwa ununuzi | Jumatano, 15 Oktoba |
| Ukaguzi wa mwisho | Mhandisi | Alhamisi, 16 Oktoba, saa 3 asubuhi |

Jumanne, 14 Oktoba, ni Siku ya Nyerere na mafundi hawatakuwa kazini. Tarehe hizi zimezingatia hilo. Yote yakikamilika, zege litamwagwa Jumamosi, 18 Oktoba, na tutachukua vipande sita vya majaribio. Kumwagilia maji ni asubuhi na jioni kwa siku saba, chini ya magunia.

Mama, najua kiinua mgongo chako ndicho kilichosimama pale Raskazone, na wiki moja ya kusubiri ina gharama yake. Mwenye tipa akikupigia kuhusu mchanga wake, mpe namba yangu. Nitamjibu mimi.

Mhandisi msimamizi
Tanga, 9 Oktoba 2025

*Viambatisho: Picha 1 hadi 14; nakala ya ukurasa wa daftari la saiti; nakala ya leja ya stoo, 29 Septemba hadi 8 Oktoba.*