Barua kwa Bibi Mwanajuma kuhusu pesa za Inua Jamii

Ofisi ya Maendeleo ya Jamii
Msambweni, Kwale
11 Julai 2025

Bibi Mwanajuma, shikamoo.

Juma akusomee barua hii polepole, na ukichoka mwambie aiweke, mtaendelea kesho. Jumanne kwenye baraza la chifu uliuliza kwa nini jirani yako anapata pesa za wazee na wewe hupati. Sikukujibu pale kwa sababu mambo ya nyumba ya mtu hayasemwi mbele ya umati. Sasa nimekaa na waraka wa wizara na fomu yako, nakueleza kwa urefu.

Hizo tunazoziita kwa jumla "pesa za wazee" ni mafungu matatu chini ya Inua Jamii. La kwanza ni la wazee wa miaka 70 na kuendelea. La pili ni la nyumba zinazolea mayatima na watoto walio katika hali ngumu. La tatu ni la watu wenye ulemavu mkubwa, wale wasioweza kujihudumia bila mtu wa kuwashika saa zote. Kila fungu linalipa shilingi 2,000 kwa mwezi, na kila moja lina masharti yake. Wewe ulibisha mlango wa kwanza ukaukuta umefungwa. Wa pili hukuujaribu, na huo ndio unaokufaa.

Nianze na wa wazee. Fungu lile haliangalii umaskini. Linataka raia wa Kenya, aliyetimiza miaka 70, asiyelipwa pensheni ya serikali. Kwenye pensheni huna kizuizi. Marehemu mzee alikuwa kiwanda cha sukari cha Ramisi, na kile hakikuwa ofisi ya serikali ya kukuachia pensheni hiyo. Kinachokukwamisha ni mwaka. Najua unavyosema, kwamba bendera ilipopandishwa 1963 ulikuwa msichana wa kutosha kuchota maji na ndoo kichwani. Nakuamini. Lakini mashine haisomi habari za ndoo, inasoma kitambulisho, na chako kimeandikwa 1957. Kwa hesabu hiyo una miaka 68, na 70 utaitimiza 2027. Wazee wengi wa huku waliandikiwa mwaka wa kukisia na karani aliyewatazama uso tu, na ukakaa hivyo hivyo. Kurekebisha kunawezekana kwa ofisi ya usajili wa watu, ila wanataka ushahidi wa karatasi, na wewe cheti cha kuzaliwa huna. Usimpe mtu yeyote pesa akuahidi "kukuongezea miaka". Ukikutwa na tarehe ya kughushi, unaweza kupoteza hata haki ya 2027.

Na nikwambie jambo ambalo wengi hawaambiwi: kutimiza miaka 70 hakumaanishi pesa inaingia mwezi unaofuata. Fungu la wazee wote wa 70 lilianza kulipa 2018 kwa majina yaliyoandikwa 2017. Waliofikisha umri baadaye walisubiri miaka mingi mpaka uandikishaji ufunguliwe tena. Kwa hiyo mwaka wako ukifika, njoo ofisini uandikwe, halafu usubiri.

Sasa mlango wa pili. Unaangalia mambo manne.

Kwanza, pawe na mtoto aliye chini ya miaka 18 aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili, au ambaye mzazi au mlezi wake ni mgonjwa wa muda mrefu asiyeweza kumtunza. Ulisema watu wamekwambia watoto unaowalea hawahesabiki mayatima maana baba yao yu hai. Si kweli. Mama yao amefariki, inatosha. Baba kuwa hai, na kutojulikana aliko tangu 2021, hakuwaondoi.

Pili, watoto wawe wanaishi kwako kwa kudumu, wanakula chungu kimoja nawe. Juma, Mwanasha na Hamisi wanalala kwako, hao wanaandikwa. Yule binti wa dada yako anayekuja likizo tu usimtie. Huenda ameandikwa kwao Lungalunga, na mtoto mmoja akionekana nyumba mbili, nyumba zote mbili zinaweza kusimamishwa mpaka ukweli ujulikane. Idadi ya watoto haiongezi pesa hata hivyo. Mmoja au watano, ni 2,000 kwa nyumba.

Tatu, nyumba iwe na uhitaji mkubwa. Hapa ndipo watu wanapojiharibia. Atakuja mtu na simu au fomu, atauliza paa ni makuti au mabati, sakafu ni udongo au saruji, vyumba vingapi, maji mnateka wapi, choo kikoje, mnapikia kuni au makaa, mifugo mingapi, nani anafanya kazi na kazi gani. Majibu yanatiwa kwenye mfumo, mfumo ndio unaopima. Mimi siwezi kukupandisha wala kukushusha. Usifiche mbuzi wako wawili. Mbuzi wawili hawamtajirishi mtu, ila wakionekana nyuma ya jiko baada ya kusema huna, aliyekuja kuandika atatilia shaka hata uliyosema kweli. Mabati pia yasikutie hofu. Hakuna anayeondolewa kwa paa peke yake, linapimwa pamoja na mengine yote.

Nne, asiwepo ndani ya nyumba mtu mwenye mshahara au pensheni ya kila mwezi, wala nyumba isiwe tayari inalipwa na mpango mwingine wa fedha wa serikali. Uliniuliza kuhusu Mwanakombo aliye Saudia. Yeye halali kwako, kwa hivyo si mtu wa nyumba yako. Lakini anachotuma kinaulizwa, nawe sema kama kilivyo: mwezi mmoja anatuma, miezi mitatu kimya, na huwa ni ya unga na daftari. Hiyo si sawa na mshahara. Ukisema hatumi kabisa, na jirani anajua anatuma, mambo yatakuharibikia barazani.

Maana kuna baraza. Majina yaliyopita kwenye kipimo yanasomwa hadharani, watu wanaulizwa kama wanaostahili ni hao. Nenda mwenyewe, au mtume mtu mzima anayekujua. Jina la mtu asiyekuwepo ni rahisi kupingwa, kwa kuwa hakuna wa kumtetea. Na jina lako likiachwa ukaona si haki, usigombane na mzee wa mtaa. Njoo kwetu tuandike malalamiko, au piga 1533, haikukati salio. Taja jina, namba ya kitambulisho na lokesheni, uombe namba ya malalamiko, Juma aiandike kwenye daftari. Bila namba hiyo, kila ukipiga utaanza upya.

Ukikubaliwa, pesa inatoka kwa jina lako kama mlezi, ila ni kwa ajili ya watoto. Waraka unataka pia mlezi mbadala, mtu wa kuchukua siku unaumwa. Najua umemfikiria Juma kwa kuwa ndiye anayesoma simu. Juma hawezi, ana miaka 15 na hana kitambulisho. Chagua mtu mzima unayemwamini, anayeishi karibu. Usimwandike Mwanakombo, akiwa Saudia hatakusaidia kitu.

Laini ya simu nayo iangaliwe. Uliniambia laini unayotumia ilisajiliwa na marehemu binti yako. Pesa haiingii kwa jina lisilolingana na kitambulisho, na wengi hukaa miezi wakidhani serikali haijatuma kumbe imerudi. Sajili laini yako kabla ya kuandikwa. Namba ya siri ni yako na mlezi mbadala tu. Wakala akikuomba "akusaidie", kataa. Akikata mia au mia mbili ya chai juu ya ada ya kawaida, hiyo ni ya kuripotiwa kwa 1533.

Vidole vyako vimelika kwa jembe na kukuna nazi, na mashine mara nyingine hukataa alama zake. Siku ya kuandikwa waambie wajaribu vidole vyote kumi, wachukue vinavyosomeka vizuri. Ukiacha wachukue dole gumba tu kwa haraka, taabu utaiona baadaye.

Malipo hayaji tarehe moja kila mwezi. Mara nyingi hukusanyika, ukapata 4,000 ya miezi miwili, au zaidi. Usikope dukani kwa kutegemea tarehe. Na ikiingia, itoe. Ikikaa muda mrefu bila kuguswa, jina husimamishwa kwa kudhaniwa mwenyewe amefariki au amehama. Kwa sababu hiyo hiyo utaitwa mara kwa mara kuonekana kwamba uko hai. Usione ni matusi.

Juma atatimiza miaka 18 mwaka 2028. Hilo halitaitoa nyumba, maana Mwanasha na Hamisi bado watakuwemo. Nyumba inatoka pale asipobaki mtoto wa chini ya 18. Na utakapofika 70, usijiandikishe kimyakimya kwa fungu la wazee huku la watoto linaendelea. Kitambulisho ni kimoja, mfumo utakiona, na yote mawili yanaweza kusimama. Njoo kwanza tuangalie masharti ya wakati huo.

Karatasi zako: vyeti vya kuzaliwa vya Juma na Mwanasha ninavyo kwenye fomu. Cha Hamisi hakipo. Anza na naibu wa chifu kwa barua ya kuzaliwa kwa kuchelewa, kisha ofisi ya usajili wa vizazi na vifo. Cheti cha kifo cha mama yao hujaleta. Kama mna kibali cha mazishi, kitafute, ndicho kinachorahisisha cheti. Kisipopatikana, barua ya chifu inayoeleza alifariki lini na wapi itasaidia wakati unafuatilia. Usisubiri vyote vikamilike ndipo uje. Tutaandika ulivyo navyo na kuacha alama kwa visivyokuwepo.

Kuandikwa ni bure. Barua ya chifu ni bure. Fomu ni bure. Lakini kuandikwa si kulipwa: nafasi za kila lokesheni zina kikomo, na nyumba inayostahili inaweza kusubiri. Sitaki uuze mbuzi kwa matumaini ya pesa ambayo haijaingia.

Njoo Alhamisi tarehe 24 Julai, saa tatu asubuhi, kabla foleni haijawa ndefu. Lete kitambulisho chako cha asili na nakala yake, vyeti vya watoto, barua ya chifu, simu yenye laini iliyosajiliwa kwa jina lako, na huyo mlezi mbadala na kitambulisho chake. Juma aende shule. Si lazima aje. Kama mguu utakuwa umevimba tena, mtume mtu aniambie, nitakuja na fomu kijijini Jumatatu inayofuata.

Mwanao,
Zuhura
Afisa wa maendeleo ya jamii