Dada Zuhura, hongera (nimechelewa najua)

Dada Zuhura shikamoo. Kwenye grupu la ghala watu wamekujazia maua na "unastahili bosi wetu", mimi sijaandika kitu na najua umeona, maana wewe hata gunia moja likilala nje unajua. Nimekaa kimya siku mbili kwa sababu hiyo nafasi ya msimamizi wa ghala na mimi niliiomba. Sikukwambia ila nadhani ulishanusa. Barua iliposomwa roho iliniuma, sikatai, nikaenda zangu Shangani kukaa ufukweni nikajiuliza hivi ningekuwa mimi ndo napanga ningempa nani, nikazunguka weee nikarudi kwako tu. Ndo naandika sasa, nisije nikakupa hongera ya mdomoni.

Nnachokumbuka mimi ni ile lori ya korosho ya Tandahimba msimu wa juzi. Mvua imeshaanza, turubai limechanika, dereva ana siku mbili kwenye foleni na ana hasira zake, saa nne usiku. Mashine ya unyevu ikasoma 13. Mkubwa mmoja akapiga simu akasema pokeeni tu zitakaukia ndani, na mimi dada, nakiri leo, kalamu nilikuwa nimeshaishika naandika kupokea, nilitaka kwenda kulala. Wewe ukapanda juu ya lori na khanga yako kiunoni ukachomoa korosho kwenye gunia za chini kabisa, sio zile za juu walizokuwa wanatuonyesha, ukapasua, ukanusa, ukashuka. Ukasema "zikikaukia humu ndani huo unyaufu analipa nani, mkulima?" Basi. Hukugombana na mtu, hukupiga kelele (siku hiyo tu lakini, nitafika huko).

Siku tatu mlianika pale uwanjani wewe na vibarua, mnageuza, mvua ikinusa mnafunika. Zingeingia kwenye lundo na zile kavu unyevu ungeanza kula pembeni mpaka katikati, mnadani mzigo wote ungeshuka daraja, na mkulima wa watu kakaa kijijini anasubiri hela ya stakabadhi ghalani wala hajui korosho yake imeozea mikononi mwa nani. Wale wa chama cha msingi waliokutukana usiku ule si ndo walirudi baada ya mnada wakakuletea papai? Mi nilikula mawili.

Halafu watu wapya wanadhani umeletwa na mtu. Wasichojua ni kwamba ulianza kibarua msimu ule wa 2018, serikali iliponunua korosho kwa 3,300 kilo na magari ya jeshi yakawa yanabeba, wewe kazi yako kushona magunia na kuhesabu. Hesabu ulikuwa unaziandika nyuma ya boksi la sabuni kwa sababu daftari hawakukupa, na karani mwenye daftari alikuwa anakuja kwako kuulizia. Hilo nimeliona kwa macho, sijahadithiwa.

Sasa la kelele. Dada unafoka. Ulipokuwa mwenzetu tulikuwa tunakujibu, tunacheka, yanaisha, hata yule kijana wa Nanyamba alikuwa anakuigiza mbele yako. Ila kuanzia Jumatatu ukimfokea hatakujibu, atanyamaza, na akikosea hesabu ataficha. Nakwambia mimi kwa sababu hao wa maua hawatakwambia, na pia kwa sababu nimekukosa kwenye nafasi sitaki nikukose na kwenye maneno. Na chai usihamishie ofisini, yule mama wa mihogo pale getini atajua umetususa na kweli utakuwa umetususa.

Ripoti za kwenye kompyuta najua zinakutoa jasho. Hizo nitakaa na wewe jioni mpaka uzizoee, sio kwa kujipendekeza, ni kwamba ukichelewesha ripoti na mizani yangu inasimama.

Jumamosi mke wangu anasema uje na watoto, kama sokoni ming'oko itapatikana atapika, isipopatikana mtakula samaki, Mtwara hatulali njaa.

Jambo la mwisho. Daftari la mizani la stoo ya pili halijafunga, linapelea kilo 46 na sijui zimepotelea wapi. Nilitaka nilinyooshe usiku huu kabla hujaingia, nikaliacha. Jumatatu asubuhi nakuletea hivyo hivyo lilivyo, tukae tulitafute wote.

Hongera sana dada yangu.
Mdogo wako, Hamisi wa mizani