Arobaini zako zimefika, somo

Somo yangu kipenzi,

Hongera kwa kutimiza miaka 40! Siku za mwizi ni arobaini, lakini wewe umepewa miaka, na muda wote huo hakuna aliyekutia mkononi. Basi leo umekamatwa. Mashitaka yako ni haya: mwavuli wangu wa maua, ulioazima siku moja ya mvua na sasa unatembea nao kana kwamba mlizaliwa pamoja, ufunguo wangu wa akiba, ulioondoka nao ukisema kwako uko salama zaidi, mwanangu wa mwisho, ambaye akijikwaa analilia jina lako kabla ya langu, na mama yangu mzazi, anayenipigia simu kuniuliza wewe hujambo. Mwavuli nimekusamehe. Mama nataka tugawane.

Kabla hujafungua boksi, soma kwanza. Lakini najua umeshalifungua, maana wewe na karatasi ya zawadi hamjawahi kuvumiliana. Haya, ivae kabisa, kisha ukae usome.

Ni saa. Usinune, tafadhali! Najua watakaoiona mkononi mwako watacheka na kusema hatimaye kuna mtu amechoka kukusubiri. Wana haki yao. Wewe ukisema uko njiani, tunajua bado unatafuta kiatu cha pili. Siku ya harusi yako bwana harusi alikuwa ameshakaa, wageni wameshakaa, na mfungishaji ndoa akauliza kwa upole kama bibi harusi naye amealikwa.

Ila mimi nimetembea nawe, na najua dakika zako zinakokwenda. Nyumbani unatoka kwa wakati, mimi ni shahidi. Hatua ya kwanza unakutana na yule mzee jirani. Wengine tunamwamkia na kupita. Wewe unamuuliza mguu unaendeleaje, dawa alipata, anameza kabla ya kula au baada, na nani anamkumbusha jioni. Mbele kidogo umeshainama unamfunga kamba za viatu mtoto usiyemjua. Halafu kuna yule mlinzi ambaye binti yake amefanya mtihani, na huwezi kupita bila kusikia matokeo ya somo moja moja. Ukifika tulipo, sote tumekasirika. Ukikaa, dakika kumi hazipiti tunacheka mpaka tunashika mbavu, na hakuna anayekumbuka alikasirikia nini.

Na kuna usiku ule baba alipozidiwa. Nilikupigia simu ili tu nisikie sauti ya mtu. Kaka zangu walikuwa hawajafika, gari la wagonjwa lilikuwa halijafika, nikasikia mlango unagongwa. Ulikuwa wewe, mguu mmoja kiatu cheusi, mwingine cha kahawia. Hukuuliza swali hata moja. Ulizima jiko nililolisahau, ukachukua kadi ya hospitali mezani, halafu ukarudi chumbani kwa baba ukatoka na miwani yake, ukaifunga kwenye leso na kuitia mkobani. Nilikuona, nikashangaa, ya nini? Asubuhi baba alipofumbua macho, neno lake la kwanza lilikuwa kuulizia miwani yake. Ukaitoa, ukaifuta, ukamvisha.

Tangu usiku ule sikubali mtu akuite mchelewaji mbele yangu. Ukichelewa harusini, umechelewa harusini. Mahali pa kuwahi wewe unapajua kuliko sisi sote.

Sasa nikueleze kwa nini nimechagua hii na si nyingine. Saa hii haina betri. Ndani yake kuna kipande cha chuma cha nusu duara kinachozunguka kila mkono unapotikisika, na kwa kuzunguka huko kinakaza springi inayoiendesha. Watu watulivu saa hizi huwasumbua, inabidi wazitie ufunguo wenyewe. Nikakufikiria wewe, unayeongea kwa mikono yote miwili, hata kwenye simu, hata gizani umeme ukikatika. Ukisimulia kisa kimoja tu cha ofisini kwenu, imejaa mpaka kesho. Ukiivua na kuiweka kabatini, itakwenda kama saa 40 hivi kisha itasimama. Muuzaji aliponitajia hiyo arobaini, sikuangalia nyingine tena.

Tarakimu zake ni kubwa, umeziona, na ni makusudi. Siku hizi nakutazama unavyosoma ujumbe: simu unaisogeza mbali, unaisogeza tena, mpaka mkono umekwisha na herufi bado hazijakaa sawa. Usihuzunike. Lenzi ya jicho hukakamaa kidogo kidogo tangu zamani, na wengi wetu huanza kuligundua jambo hilo kwenye umri huu. Dawa yake ni miwani, kwa sababu mkono hauongezeki urefu. Nenda kapimwe macho, nitakusindikiza, na tutakuchagulia fremu ya kuwatia wivu wenye macho mazima.

Masharti machache ya kuitunza. Usibadilishe tarehe kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, maana saa nyingi za aina hii wakati huo meno ya tarehe yanakuwa yameshikana, na ukiyalazimisha yanaweza kuvunjika. Badilisha mchana. Usioge nayo. Na ukiona imekwenda mbele au imebaki nyuma sekunde kadhaa kwa siku, usiirudishe dukani. Ndivyo zilivyo saa za springi. Nilifurahi kusikia hivyo, nikajua mtaelewana.

Lakini somo, sikukununulia ili uanze kutuwahi. Nimekununulia kwa sababu muda wako wote unaugawa kwa watu, na katika mgawo huo jina lako silioni. Ile cherehani yako umeifunika shuka, juu ya shuka umepanga nguo za watoto za kupigwa pasi, na juu ya nguo hizo kuna faili la mtu mwingine uliyemwahidi kumsaidia. Wewe ndiye uliyekuwa ukikata kitambaa kwa macho bila kupima, na gauni likakaa mwilini kama limemiminwa! Naomba kitu kimoja: kila wiki, tazama huo mkono wako, chagua saa moja, uifanye yako. Funga mlango. Ondoa shuka. Mzee jirani nitamuuliza mimi habari za mguu, na dawa nitamkumbusha. Sisi wengine tutasubiri. Tumezoea.

Nakutakia afya ya mwili na ya magoti. Nakutakia kicheko chako kile kikubwa, kinachowafanya watu wa meza ya pili waanze kucheka bila kujua kisa. Mungu akuzidishie miaka, na kila mwaka akuletee watu wa kukuuliza na wewe unaendeleaje, wakae mpaka wasikie jibu. Nakupenda sana, somo yangu.

Mkanda ukikubana, chini ya kile kijimto ndani ya boksi kuna vipande viwili vya kuongezea, na fundi yeyote wa saa atakuwekea. Kadi ya dhamana imo humo humo, usiitupe pamoja na karatasi.

Jumamosi tunakuja wote kwako, saa kumi jioni. Nimepanga shughuli iwe kwako makusudi, ili tukifika tukukute.

Somo wako,
mwenye mwavuli