Mipaka ya Utafiti: Aya ya Awali na Aya Iliyoandikwa Upya

Aya ya awali

Mtafiti anaomba radhi kwamba, kutokana na uhaba wa muda na fedha, hakuweza kufika katika shule nyingi. Sampuli ilikuwa ndogo na baadhi ya wanafunzi hawakumaliza, hivyo huenda matokeo yasiwe na uzito. Hata hivyo, mtafiti alijitahidi kadiri ya uwezo wake.

Aya iliyoandikwa upya

Utafiti huu ulilinganisha madarasa mawili ya sekondari katika shule moja kwa muhula wa wiki 12: darasa moja lilirudishiwa insha zikiwa na maoni ya maandishi ya mwalimu, na la pili likapewa alama peke yake. Shule moja ilichaguliwa kwa makusudi ili madarasa yote mawili yafundishwe na mwalimu yuleyule. Kwa hiyo tofauti iliyoonekana haitokani na tofauti ya walimu, ingawa matokeo hayawezi kupanuliwa hadi kwa shule ambazo walimu wake husahihisha insha kwa namna nyingine.

Jambo la kuzingatiwa zaidi katika kusoma Sura ya Nne ni ukaribu wa madarasa hayo. Katika mahojiano, wanafunzi 6 wa darasa la alama walieleza kuwa waliazima madaftari ya wenzao na kusoma maoni yaliyoandikwa pambizoni, mmoja wao akiyanakili yote kabla ya kuandika insha ya tatu. Kwa kuwa darasa hilo nalo lilifaidika kwa kiasi fulani na maoni hayo, inaelekea kuwa pengo la alama 4 kati ya 40 ni dogo kuliko ambavyo lingekuwa endapo madarasa yangetengana.

Kwa upande mwingine, kati ya wanafunzi 71 walioanza, 7 hawakuandika insha ya mwisho. 5 kati yao walikuwa wa darasa la maoni, na wote watano walipata alama za chini katika insha ya kwanza. Uchanganuzi uliporudiwa kwa kuwahesabu wote saba kuwa hawakupiga hatua yoyote, pengo lilishuka hadi alama 3. Kwa kuwa mambo haya mawili yanavuta pande tofauti, utafiti unathibitisha mwelekeo wa matokeo katika madarasa haya, wala haudai kuwa alama 4 ndicho kipimo kamili cha nguvu ya maoni ya mwalimu.

Muda ambao wanafunzi wenyewe waliripoti katika hojaji kuwa waliutumia kurekebisha insha zao umetumika kueleza mazoea yao tu, na hakuna hitimisho lililojengwa juu yake. Aidha, insha ya mwisho iliandikwa ndani ya muhula uleule, hivyo matokeo yanahusu maendeleo yaliyopatikana wakati maoni yakiendelea kutolewa, na hayaelezi kama stadi hizo hudumu baada ya maoni kukoma.