Darajani garasa anakula ree

Tulitoka Mtwara saa 12 asubuhi kwenda Dar, mi na binamu yangu Zai, mtoto wa shangazi. Karata tulizibeba nyumbani bila kuhesabu, tunafika Mnazi Mmoja ndo tunagundua ziko 47 na ree zipo mbili tu, sasa arubastini unachezaje hapo? Zai akasema basi binamu tutunge ya kwetu.

Meza ikawa begi langu, tumelilaza kwenye mapaja. Kila mtu karata tano, tunatupa moja moja, kubwa inakula, aliyeliwa analipa korosho. Turufu ndo ilitusumbua mpaka Zai aliyekaa dirishani akaona lori linakuja mbele, akapiga kelele "lori, shupaza!" na hapo hapo tukakubaliana, likija lori turufu ni shupaza, basi ni kopa, bodaboda ni pau, na gari dogo ni uru. Yani unaweza ukawa umeshika karata nzuri kabisa, afu bodaboda mmoja na ndoo zake za samaki anakuharibia kila kitu. Kuanzia hapo hatukusinzia tena, macho barabarani.

Jike la kopa tukamwita shangazi. Akitupwa haliwi na mtu, na lazima umwamkie, usipomwamkia korosho mbili. Hiyo niliipenda kuliko zote maana Zai alikuwa anamsahau mama yake kila mara.

Somanga tukala samaki wa kukaanga, tukarudi na vidole vya mafuta, karata zikaanza kugandana. Korosho zangu zilikuwa zimebaki nne, na mkononi nina garasa watupu. Nikamwambia binamu, tukifika daraja la Mkapa garasa anakula ree, ila darajani tu. Zai akacheka, akakubali, maana Rufiji ilikuwa bado mbali.

Sasa nikawa naomba tu tusianze mkono mwingine, nachelewesha, namwamkia shangazi hata hajatupwa, na Zai ananiangalia tu. Ikwiriri bado, mto ukatokea. Nikatupa mbili ya pau juu ya ree yake, nikala! Nikatupa tatu, nikala tena! Ya mwisho nimeiinua mkono uko juu, Zai akasema daraja limeisha.

"Halijaisha!"

"Limeisha binamu, angalia nje!"

Babu mmoja wa siti ya nyuma, kumbe alikuwa anafuatilia toka Nangurukuru, akainama katikati yetu. "Wajukuu zangu, kabla ya 2003 hapa tulikuwa tunavuka kwa pantoni, mngecheza mpaka mchoke." Akageuka akaangalia vyuma vya pembeni, tairi za nyuma zikagonga kile kiungo cha mwisho, tukarushwa kidogo wote.

"Sasa ndo limeisha," akasema. "Na karata yake ilikuwa chini kabla."

Nikaangalia begi. Kweli, ilikuwa imeniponyoka, nne ya uru, imelala juu ya ree ya Zai.

Zai akanihesabia korosho tatu, moja akampa babu.