Redio ya Babu

Betri zilikuwa zimevujia humo ndani miaka mingi. Shabani alipofungua mfuniko wa nyuma alikuta unga wa kijani umeganda kwenye springi, na springi moja ikamvunjikia vidoleni kama biskuti kavu.

"Imekufa?" Bibi aliuliza kutoka mlangoni, ungo wa mchele mkononi.

"Sijajua bado, Bibi. Niipeleke kwa Fundi Mbwana?"

Bibi aliweka ungo chini. Redio ile ilikuwa ya marehemu Babu. Tangu azikwe haikuwahi kushuka pale juu ya kabati ila siku za kufutwa vumbi.

"Ipeleke. Ila usinipotezee hata skrubu moja, mume wangu."

Ilikuwa Jumatano. Ijumaa kila mwanafunzi wa kidato cha tatu alitakiwa awe na wazo la mradi wa sayansi, na mwalimu wa fizikia alikwisha kuwaambia: "Volkano za magadi na siki nimezichoka. Nileteeni swali ambalo ninyi wenyewe hamjui jibu lake." Wenzake watatu walikuwa na maswali. Shabani alikuwa na redio mbovu tu, na mpango wa kuitengeneza halafu aombe Mungu mwalimu akubali.

Kibanda cha Fundi Mbwana kiko karibu na stendi ya Muheza, katikati ya muuza machungwa na fundi viatu. Fundi aliichungulia bodi kwa muda mrefu kuliko Shabani alivyopenda.

"Maji ya betri yameila hii. Ona, njia za shaba zimekatika hapa, hapa na hapa. Hata nikiunga, kesho patakatika pengine." Akachukua betri moja ndogo, akagusisha nyaya mbili kwenye miguu ya spika. Spika ikatoa sauti fupi: tap. Akagusisha tena. Tap. "Spika ni nzima. Ndiyo pekee."

Akaenda kunywa chai.

Shabani alibaki na redio mapajani na donge kooni. Alikuwa ameshajiona usiku anaiwasha, Bibi anaisikia kutoka chumbani. Kwa kutokuwa na la kufanya, akachukua mita ya fundi, ile ya mshale, akabana nyaya zake kwenye miguu ya spika kama alivyomwona akifanya mara nyingi. Mshale haukutikisika. Akabonyeza karatasi ya spika kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayepima embe.

Mshale ukasogea.

Akaachia. Mshale ukaruka upande wa pili, ukagonga nyuma ya sifuri.

Alirudia. Akibonyeza polepole, mshale unasogea kidogo. Akibonyeza haraka, unaruka. Akishikilia karatasi bila kuisogeza, mshale unarudi sifuri na kutulia, hata akandamize vipi. Hilo la mwisho ndilo lililomfanya asahau chai, redio na Ijumaa. Nguvu ya kidole ilikuwa ileile, lakini bila mwendo hapakuwa na kitu.

Fundi aliporudi alitazama kwanza mita imewekwa wapi. "Hapo mita haina umeme wake. Huo unaouona unatoka kwenye spika." Akaigeuza spika, akaonyesha sumaku nyuma, nzito kama jiwe la kusagia pilipili. "Karatasi imebeba koili ndani ya sumaku. Umeme ukiingia, koili inacheza, unasikia muziki. Wewe umeichezesha kwa mkono, umeme umetoka."

"Na nikiichezesha kwa sauti?"

Fundi Mbwana hakujibu. Aliinama chini ya meza akachakura kwenye boksi la redio zilizokwisha kukatiwa tamaa, akatoka na spika nyingine, ndogo kidogo, imechanika pembeni. "Jaribu. Hii chukua. Ile ya babu yako nikiikata kwenye bodi hairudi tena ilivyokuwa. Kaombe kwanza."

Usiku ule Bibi alimsikiliza hadi mwisho, redio ipo mezani baina yao, imefunguka tumbo.

"Hapa ndipo nilipomsikia Rais Mkapa akitangaza kwamba Mwalimu ametutoka," alisema. "Oktoba 14, 1999. Babu yako alikuwa amekaa hapo ulipokaa wewe. Hakusema neno. Aliinuka akaongeza sauti, akafungua na dirisha, ili majirani wasio na redio nao wasikie." Akapitisha kidole kwenye kitambaa cha mbele, pale penye spika. "Kila saa ya taarifa ya habari barazani hapakosi watu. Redio moja, mtaa mzima."

Shabani aliogopa kuuliza tena.

"Umesema sauti imebaki nzima?"

"Ndiyo, Bibi. Vingine vyote vimeliwa."

"Basi itoe. Ila kasha unirudishie, nikae nalo."

Alhamisi jioni Fundi alimlehemia spika zote mbili kwenye ncha za waya wa mita kumi na tano. Hapakuwa na betri popote. Mwanaidi, mdogo wake, alipewa spika iliyochanika akaenda nayo jikoni, nyumba ya nyuma. Shabani akabaki chumbani na ya Babu.

"Haloo! Mwanaidi!"

Kimya. Akaita tena, akaita hadi shingo ikauma. Mwanaidi akarudi mbio amenuna: "Nimekuita mara kumi hujibu!"

Walikuwa wakisema wote kwa pamoja, wala hakuna aliyekuwa akisikiliza. Wakapeana zamu: ukimaliza kusema sema "basi", kisha weka spika sikioni. Shabani akabandika sikio, akaziba la pili kwa kiganja. Ikaja sauti nyembamba, ya mbali, kama ya mtu aliye chini ya kisima, lakini ni ya Mwanaidi mwenyewe na kikohozi chake: "Kaka, maharage yameungua, basi."

Ijumaa mwalimu aliishika spika ile kwa mikono miwili. Aliwaambia darasa zima kwamba mwaka 1831 Michael Faraday aliingiza na kutoa sumaku ndani ya koili akaona mshale unaruka, na kwamba mshale ulikaa kimya kila sumaku iliposimama. Kisha akamgeukia Shabani. "Vizuri. Lakini hiki ni kifaa. Swali lako liko wapi?"

Shabani alikuwa amelala nalo usiku kucha. "Sauti ya mtu peke yake, bila betri, inaweza kwenda mita ngapi kwenye waya kabla haijapotea? Na spika ikiwa kubwa, inakwenda mbali zaidi?"

"Unalijua jibu?"

"Hapana, mwalimu."

Mwalimu akaandika jina lake kwenye orodha.

Jumamosi asubuhi Bibi alikalishwa barazani na spika ya Babu mkononi, akaonyeshwa aisogeze mdomoni kiasi gani. Shabani akaondoka akitandaza waya wa kuazima kupita banda la kuku, kupita mchicha, hadi mchungwa wa tatu. Akachuchumaa, akaweka spika sikioni, na daftari gotini akaandika neno kwa neno alichosikia:

*Mita 40. Bibi: "Mume wangu, unanisikia? Sijui nisemeje. Chai yako inapoa. Basi." Nimesikia yote. Neno "inapoa" hafifu.*

Akainua kichwa akamwita Mwanaidi alete waya uliobaki.