Barua ya Kuacha Kazi ya Kujitolea

Gongo la Mboto,
Dar es Salaam.
12 Mei 2025

Kwa Mratibu wa Wanaojitolea,
Darasa la Kusoma la Jumamosi,
Tandika, Temeke,
Dar es Salaam.

Ndugu Mratibu,

YAH: KUACHA KAZI YA KUJITOLEA KWA SABABU ZA KIAFYA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakuarifu kwamba nitaacha kazi yangu ya kujitolea katika darasa la kusoma. Siku yangu ya mwisho itakuwa Jumamosi, tarehe 31 Mei 2025. Nimefikia uamuzi huu baada ya daktari wangu kunishauri nipunguze shughuli na nipate muda wa kutosha wa matibabu na mapumziko. Kuhusu hali yenyewe, naomba niishie hapo. Niseme tu, ili mzazi yeyote asiingiwe na wasiwasi, kwamba si maradhi ya kuambukiza.

Nimechagua tarehe hiyo kwa sababu shule zinakaribia kufungwa kwa likizo ya Juni, na darasa letu nalo husimama. Atakayenipokea ataanza Julai na muhula mpya, bila watoto kubadilishiwa mwalimu katikati ya kitabu. Ikitokea nikashindwa kufika mojawapo ya Jumamosi zilizobaki, nitampigia Dada Neema mapema, asubuhi ile ile, ili watoto wasikae barazani wakingoja.

Najua utataka kunitafutia kazi nyepesi, ya kukaa mezani au ya kuandika ripoti nyumbani. Ndivyo ulivyomfanyia mwenzetu mwaka jana na ilikuwa hisani kubwa. Kwangu mimi naomba isiwe hivyo. Ushauri niliopewa ni wa kupumzika, na ninavyojijua, nikibakiwa na kadaftari kamoja tu nitakuwa nimerudi darasani kabla ya Agosti. Nikipata nafuu ya kuniruhusu, nitakuja mwenyewe kubisha hodi. Nafasi yangu isiwekwe wazi kwa kunisubiri.

Sasa makabidhiano.

Ufunguo wa sanduku la bati la vitabu ninao mimi, na wa akiba uko kwa mlinzi wa shule. Wangu nitampa Dada Neema mkononi. Vitabu vimeorodheshwa kwenye daftari lenye jalada la kijani. Vilivyoazimwa vina jina la mtoto na tarehe pembeni, na vitatu bado viko nje. Nitawakumbusha wenye navyo Jumamosi hii. Fedha ya uji iliyobaki ni shilingi 18,500. Nitaikabidhi pamoja na risiti za sukari, unga na mkaa, tuhesabu sote watatu: wewe, mimi na Mama Shabani. Fulana na kitambulisho nitarudisha siku hiyo hiyo. Fulana nitakuwa nimeshaifua.

Daftari la mahudhurio ni jambo la peke yake. Lina majina kamili ya watoto, wanakokaa, na namba za simu za wazazi. Tangu itungwe Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, taarifa za namna hii si za kuachwa juu ya dawati. Hata kama sheria isingekuwepo, mama aliyetupa namba yake alitupa sisi, si kila apitaye. Sitalituma kwa bodaboda wala kwa mtoto. Nitakukabidhi wewe mwenyewe, na namba nilizohifadhi kwenye simu yangu nitazifuta, isipokuwa za wazazi ambao ni majirani zangu hata nje ya darasa.

Kuhusu watoto wenyewe, kundi la mezani kwangu ni wale wa darasa la tatu na la nne ambao hawajakaa sawa kwenye KKK. Kuhesabu wanajitahidi. Shida iko kwenye kusoma. Wengi wanasoma kwa kukariri: ukimfungulia ukurasa anaoujua atakuporomoshea wote, ukimwandikia ubaoni sentensi ile ile kwa kupangua maneno, ananyamaza. Kwa hiyo atakayekuja asidanganywe na sauti kubwa. Ampe mtoto maneno mapya yenye silabi ngumu, kama ng'ombe, mbwa, nyanya, chakula, ndipo atajua alipo. Nimeandika maelezo mafupi ya kila mtoto, yaani anachoweza na kinachomshinda, basi. Mambo ya nyumbani kwao sikuyaandika, na naomba yasiandikwe. Wa darasa la nne wana upimaji wa kitaifa baadaye mwaka huu, hivyo hao ndio waanze nao Julai.

Nina ombi moja zito na mengine mepesi. La zito: mtu mzima asiwe peke yake na watoto ndani ya chumba. Mimi na Dada Neema tumekuwa wawili siku zote, na nisingependa kuondoka kwangu kumwache yeye mmoja hata kwa Jumamosi moja. Kama hajapatikana mtu, ni afadhali makundi yote mawili yakae chumba kimoja, au darasa lisogezwe wiki.

Sasa hayo mepesi, ambayo pengine kwangu ndiyo magumu zaidi kuyasema. Kwenye kundi la watsapu naomba iandikwe tu kwamba naacha kwa sababu za kiafya na nashukuru wote. Isizidi hapo. Nawajua wenzangu na nawapenda kwa tabia hiyo hiyo: tangazo likipita saa mbili asubuhi, saa nne orodha ya mchango imeshafunguliwa, jioni watu wako mlangoni na machungwa. Safari hii naomba mchango usifunguliwe. Gharama zangu zina utaratibu wake. Anayetaka kunijulia hali anitumie ujumbe, nami nitajibu nikiweza. Nikichelewa asipige simu kwa mwanangu kuuliza naumwa nini.

Watoto nitawaambia mimi mwenyewe, tarehe 24, ili siku ya mwisho isiwe ya mshangao. Nitawaambia Bibi anakwenda kupumzika na kwamba Dada Neema yupo. Wakikuuliza baadaye, nawe uwajibu hivyo hivyo.

Nisije nikaeleweka vibaya, maana wako wanaoaga kwa neno la afya huku moyoni wana manung'uniko: mimi sina. Nauli mlinirudishia kila mara bila kuniomba maelezo marefu, na ushauri wangu ulisikilizwa, hata ule wa kuhamisha uji uje kabla ya kusoma badala ya baada. Mtoto aliyetoka nyumbani bila kunywa chai hasomi, na tangu tubadilishe, nusu saa ya kwanza haipotei tena kwa kupiga miayo. Namshukuru sana Mama Shabani, aliyekubali kuwasha jiko mapema zaidi kwa ajili hiyo.

Kama siku ya makabidhiano itakufaa, napendekeza Jumamosi hiyo ya tarehe 31, saa sita mchana, watoto wakishaondoka. Nitashukuru ukinijibu kwa maandishi kwamba barua hii umeipokea.

Wako mtiifu,

Bi. Rukia
Mwalimu wa kujitolea

Nakala: Dada Neema (kwa ajili ya makabidhiano)